Arubaini na Mia: Hadhari ya Bomba na Kichupa cha Insulini

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kosa moja la kipimo ambalo huwapata wenye maradhi ya kisukari wanaotumia insulini, kosa lisilotokana na uvivu wala upuuzi, maana aghalabu humpata yule aliye mwangalifu, mwenye kudunga kwa saa yake na kuhesabu mistari kwa jicho kali. Nalo ni kuivuta insulini ya nguvu moja kwa bomba la sindano lililotengenezwa kwa insulini ya nguvu nyingine. Mtu huvuta dawa mpaka kwenye tarakimu ile ile aliyoandikiwa na daktari, hazidishi wala hapunguzi hata mstari mmoja, na juu ya hayo kinachoingia mwilini mwake ni mara mbili na nusu ya alichoandikiwa, au ni pungufu ya nusu yake.

Ili tuelewe jinsi jambo hili linavyowezekana, sharti tujue kwanza kwamba insulini hupimwa kwa yuniti, yaani kwa kadiri ya kazi inayofanya mwilini, na kwamba yuniti hizo zaweza kuwekwa nyingi au chache katika maji ya kiasi kile kile. Kichupa kilichoandikwa 40 IU/ml kina yuniti 40 katika kila mililita moja, na kilichoandikwa 100 IU/ml kina yuniti 100 katika mililita hiyo hiyo. Mpishi wa pwani atalifahamu hili upesi, kwani ajua kwamba kikombe cha tui la kwanza na kikombe cha tui la pili vina ujazo mmoja lakini si vitu vya kadiri moja. Ila tui zito hujionyesha kwa macho na kwa mkono, ilhali insulini haijionyeshi hata kidogo. Ya 40 na ya 100 zina rangi moja, wepesi mmoja na harufu moja, na hakuna daktari wala mfamasia awezaye kuzitambua kwa kuzitazama, isipokuwa kwa kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa.

Na bomba nalo lina habari yake. Mtengenezaji wa bomba la U-40 ameigawa mililita moja mafungu 40, kila fungu likiwa mililita 0.025, akaandika pembeni 10, 20, 30, 40, akijua kwamba litakalovutwa humo ni insulini ya 40. Mtengenezaji wa bomba la U-100 ameigawa mililita ile ile mafungu mia. Kwa hiyo tarakimu zilizochapwa kwenye bomba ni kweli kwa insulini moja tu, na ukiingiza nyingine hazina maana tena, ingawa hubaki zimeandikwa pale pale kwa wino ule ule, kila mtu akiziamini. Vuta insulini ya 100 mpaka mstari mmoja wa bomba la U-40, na umevuta yuniti mbili na nusu. Vuta insulini ya 40 mpaka alama ya yuniti kumi ya bomba la U-100, na umevuta yuniti nne.

Tafauti hizi ni za zamani, tangu insulini ilipoanza kutolewa kwa wagonjwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1922, ikiwa hafifu na yenye taka, ikahitaji kudungwa kwa wingi. Kisha kadiri walivyoweza kuisafisha, ndivyo walivyoweza kuikusanya yuniti nyingi zaidi katika maji machache. Huko Uingereza, kabla ya 1983, zilikuwako za 20, za 40 na za 80, na bomba lililokuwa likitumika lilikuwa na alama 20 katika kila mililita, hata mgonjwa aliyesema kwamba hudunga alama kumi huenda ikawa alikuwa akidunga yuniti kumi, au ishirini, au arubaini, kwa kutegemea kichupa alichokuwa nacho. Ndiyo sababu Waingereza walihamia mwaka huo wa 1983 kwenye nguvu moja ya 100, baada ya Wamarekani kwisha kuianza katika miaka ya 1970. Uhindi haikufanya hivyo kwa vichupa vyake: hata leo huko vichupa vya 40 vyauzwa, pamoja na mabomba yake yenye vifuniko vyekundu, na mabomba ya U-100 huwa na vifuniko vya rangi ya machungwa.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia nyumbani kwetu. Vichupa tunavyopewa kwa kawaida katika hospitali na maduka ya dawa ya Afrika ya Mashariki ni vya 100, lakini ni wangapi kati yetu, wa Mombasa, wa Unguja, wa Dar es Salaam, ambao wamempeleka mzazi wao Uhindi kutibiwa moyo au figo au macho, naye akarudi na mfuko wa dawa za miezi mitatu? Natuweke mfano wa bibi mmoja wa namna hiyo, tumfuate hatua kwa hatua, maana hesabu ikitembea na mtu hueleweka zaidi kuliko ikisimama peke yake.

Bibi huyu ameandikiwa huko Uhindi insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe yenye sehemu ya kufanya kazi haraka na sehemu ya kufanya kazi polepole, yuniti 24 asubuhi na yuniti 16 jioni, jumla yuniti 40 kwa siku. Amerudi na vichupa vya 40 na kasha la mabomba yenye vifuniko vyekundu, na muda wote vichupa vile vikiwapo mambo yake ni mazuri, kwa sababu kichupa na bomba vinakubaliana. Vichupa vikamalizika, mabomba yakabaki. Mjukuu akatumwa dukani na kichupa kitupu mkononi, muuza dawa akasoma jina la mchanganyiko, akatoa mchanganyiko wa jina lile lile, naye hakukosea kitu, ila kichupa alichotoa ni cha 100. Akauliza kama mabomba yanatakiwa, mjukuu akajibu kwamba mabomba yapo tele nyumbani. Kesho yake saa moja ya asubuhi bibi akavuta mpaka 24 kwenye bomba lake jekundu. Pale penye 24 pana mililita 0.6, na mililita 0.6 za insulini ya 100 ni yuniti 60.

Akanywa chai na mkate kama desturi yake. Ilipofika saa nne akatokwa na jasho jembamba la baridi, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, njaa ikamshika ya ghafula, na aliposemeshwa akajibu maneno yasiyofuatana. Wakampa chai yenye sukari nyingi, akapata nafuu, wakasema ni uchovu wa joto. Baada ya saa mbili hali ikarudi vile vile, kwa sababu sukari ya chai huisha upesi, lakini sehemu ile ya insulini inayofanya kazi polepole ndiyo kwanza inapanda, nayo huendelea saa nyingi, na kadiri ilivyodungwa nyingi ndivyo inavyozidi kukaa. Na kama hakuna aliyetambua sababu mchana huo, jioni atavuta mpaka 16, apate yuniti 40 badala ya 16, na kilele cha dawa hiyo kimkute usiku amelala, wakati ambapo hakuna wa kuliona jasho wala wa kuyasikia maneno yasiyofuatana.

Huo ni upande mmoja, ule wa kuzidi, na kwa kuwa huja kwa kishindo watu huutambua, wakijaaliwa, siku ile ile. Upande wa kupungua hauna kishindo, na kwa maoni yangu ndio unaohitaji fikira zaidi, kwa kuwa huficha hatari yake mahali ambapo hakuna atakayeitafuta. Natuchukue mzee mwingine mwenye dawa ile ile, 24 na 16, ambaye kwake yaliyokwisha ni mabomba mekundu na yaliyobaki ni vichupa vya 40. Akanunua mabomba yenye vifuniko vya rangi ya machungwa, akavuta mpaka 24, na mwilini zikaingia yuniti 9.6, jioni akavuta mpaka 16, zikaingia 6.4. Kwa siku nzima amepata yuniti 16 badala ya 40. Kiu ikazidi, akaamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa, mwili ukapungua, sukari kwenye kipimo ikawa juu. Angekuwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini yoyote, angeweza kwa muda mfupi kuanza kutapika, kuumwa na tumbo na kuhema kwa nguvu, nayo ni hali ya kukimbizwa hospitali bila ya kungoja.

Mzee wetu alikwenda kwa daktari wake wa hapa nyumbani, naye akaona kadi imeandikwa 24 na 16, akaona sukari iko juu, akafanya afanyavyo daktari yeyote: akaongeza kidogo, na mwezi uliofuata akaongeza tena, hata mzee akafika kuvuta mpaka 60 asubuhi na mpaka 40 jioni. Sukari ikatulia, kila mtu akafurahi. Lakini tazameni: alama 60 za bomba la machungwa kwa insulini ya 40 ni yuniti 24, na alama 40 ni yuniti 16. Mzee amerudi pale pale alipoandikiwa tangu mwanzo, ila kwenye kadi yake sasa zimeandikwa tarakimu nyingine, nazo ni za uongo, ijapokuwa hakuna aliyesema uongo.

Sasa mzee huyo akaanguka na kuvunjika nyonga, akalazwa. Jioni ya pili muuguzi akaja na daftari lake, akamwuliza kwa adabu, "Babu, nyumbani unadunga insulini ngapi?" Naye akajibu, "Asubuhi sitini mwanangu, na jioni arubaini." Kadi nayo ikathibitisha. Kulipopambazuka muuguzi akachukua kichupa cha hospitali, ambacho ni cha 100, na bomba la hospitali, ambalo ni la U-100, vyote viwili vikikubaliana barabara, akavuta mpaka 60, akampa mzee yuniti 60 za kweli. Kosa lililokaa nyumbani miezi kadhaa bila ya kumuangusha mtu limekuja kudhuru mahali penye vifaa sahihi na mikono iliyofunzwa. Na kinyume chake pia huwapo: yule aliyezoea bomba jekundu kwa insulini ya 100 akisema kwamba hudunga kumi, mwili wake umezoea yuniti 25, na akipewa kumi za kweli hospitalini sukari yake itapanda siku nzima bila ya mtu kujua kwa nini.

Kwa hiyo neno langu kubwa jioni hii ni kwamba tarakimu ya insulini ikitajwa peke yake, kwa mdomo au kwa maandishi, si kipimo kamili. Muuguzi na daktari wasitosheke na jibu la "ngapi", bali waombe kichupa na bomba viletwe vionekane, na jamaa za mgonjwa wasiviache nyumbani wanapomleta. Na kwenye kadi paandikwe yote, kwa mfano: yuniti 24 za insulini ya mchanganyiko, nguvu ya 100 kwa mililita, bomba la U-100. Neno yuniti liandikwe lote bila ya kukatwa, kwa sababu wale wanaoandika herufi U peke yake baada ya tarakimu wamekwisha kuona mara nyingi 6U ikisomwa 60 pale herufi ilipoandikwa kwa haraka ikafungana juu.

Watu huniuliza, je, mtu akikosa bomba sahihi hawezi kufanya hesabu? Hesabu ipo, na si ngumu kwenye karatasi: mwenye insulini ya 100 na bomba la U-40 hugawanya yuniti zake kwa mbili na nusu apate mstari wa kuvutia. Lakini 24 ukiigawanya kwa mbili na nusu ni 9.6, na bomba halina mstari wa 9.6, na hata lingekuwa nao, hesabu hiyo itafanywa alfajiri na mtu mwenye macho hafifu, au na mjukuu aliyeelezwa jana, na kesho atageuza akazidisha mahali pa kugawanya. Daktari aweza kuiamuru kwa siku moja ya dharura, akiiandika mwenyewe. Kuifanya desturi ya nyumba ni kulifuga kosa lile lile ndani ya nyumba, na dawa yake ni bomba jipya, ambalo thamani yake ni ndogo.

Na siku kichupa cha nguvu nyingine kinapoingia nyumbani, mabomba ya zamani yote, hata yasiyofunguliwa, yatoke siku hiyo hiyo, yapelekwe kituo cha afya kutupwa salama. Najua inauma kutupa kasha zima ambalo limenunuliwa kwa fedha, lakini ni mabomba hayo yaliyobaki ndiyo yaliyomuumiza bibi wa mfano wetu. Wala rangi ya kifuniko isiaminiwe peke yake, kwa kuwa kifuniko hutoka na hupotea, na bomba lililo wazi halina rangi. Wala tarakimu ya mwisho isiaminiwe: bomba la U-100 la nusu mililita hukoma kwenye 50, na bomba la U-40 la mililita moja hukoma kwenye 40, na kwa mtazamo wa haraka yanafanana mno. Linalosema kweli ni maandishi ya U-40 au U-100 yaliyochapwa kwenye pipa la bomba. Mgonjwa asiyeweza kuyasoma asomewe na mwenziwe kwa sauti, kwanza kichupa, kisha bomba, kabla ya kuvuta, kila anapofungua kichupa kipya au kasha jipya.

Iko njia nyingine ya kuligundua kosa, nayo haihitaji kipimo cha damu wala macho makali, ila kalenda iliyotundikwa ukutani. Kichupa cha mililita kumi cha 100 kina yuniti elfu moja. Anayetumia yuniti 40 kwa siku kitamtosha takriban siku 25, na kikimwishia siku ya kumi, yamkini anakivuta kwa bomba la U-40. Kichupa cha mililita kumi cha 40 kina yuniti mia nne, kitamtosha siku kumi, na kikidumu mpaka siku ya 25, yeye anapata pungufu ya nusu ya dawa yake. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa, kama inavyopasa vyovyote kwa sababu kilichofunguliwa hakiwekwi zaidi ya wiki nne au kadiri mtengenezaji alivyosema, na kichupa chenyewe kitakuambia. Muuza dawa naye aliyeona mteja wake akirudi mapema mno asifurahie biashara, amwambie, "Mama, niletee bomba unalotumia nilione."

Na ikiwa kosa limekwisha kutendeka, dawa imezidi na mtu yu macho na aweza kumeza, apewe mara moja nusu glasi ya maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apimwe damu ikiwa kipimo kipo, na sukari ikiwa chini ya 4 katika kipimo cha mililimoli, ambayo ni takriban 70 katika kipimo cha miligramu, arudiwe baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, maana kitamwingia mapafuni; alazwe ubavu na apelekwe hospitali mbio. Na yule aliyepata nafuu kwa sukari asiambiwe kwamba mambo yamekwisha. Yuniti 60 za mchanganyiko zilizodungwa saa moja asubuhi zingalimo mwilini mpaka usiku, kwa hiyo naye aende hospitali, abaki chini ya macho ya watu na kupimwa tena na tena, wala asidunge ya jioni mpaka daktari atakapomwambia kiasi gani. Na atakayempeleka achukue kile kichupa na lile bomba, avikabidhi mkononi mwa daktari vyote viwili pamoja.